Hotuba iliyosomeka vizuri kwenye karatasi imeharibika kwenye prompta: mistari na fonti vipangwe vipi?

Afisa Habari wa Moro

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni afisa habari katika chuo kimoja hapa Morogoro, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimwandalia mkuu wa chuo hotuba zake kwenye karatasi: A4, herufi za pointi 14, nafasi mbili kati ya mistari, na namba ya ukurasa juu kulia. Hajawahi kulalamika. Mwezi uliopita tuliamua kurekodi video ya dakika sita ya kufungua mwaka wa masomo, tukakodi prompta, ile mashine inayopitisha maandishi mbele ya lenzi, yenye skrini ya inchi 17 na kioo chake mbele ya kamera. Nilichukua faili lile lile la karatasi nikaliingiza kwenye programu ya prompta, nikageuza maandishi yote kuwa herufi kubwa, kisha nikayakuza mpaka yakajaza skrini upande hadi upande. Maandishi yalikuwa na upana wa sentimita 30, kila mstari ukibeba herufi kama 20, na kwa sababu zile nafasi mbili za karatasi zilibaki, mistari mitano tu ndiyo iliyoonekana kwa wakati mmoja. Chumba ni kidogo, kwa hiyo kamera ilikuwa mita 1.2 kutoka alipoketi.

Matokeo yamenisikitisha. Macho yake yanakwenda kushoto na kulia kama mtu anayetazama mpira wa meza, anakunja uso kana kwamba herufi hazionekani, na katika aya moja alikosea mara tatu mfululizo mahali pale pale. Aya yenyewe ni hii:

"Mitambo ya maabara iliyonunuliwa kwa Sh. 148,500,000/= kutoka katika mapato ya ndani ya chuo, ambayo awali ilitarajiwa kufika tarehe 3/2 na kufungwa kabla ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuripoti, imefungwa na itaanza kutumika Jumatatu saa 2:30 asubuhi."

Kila alipofika kwenye "ambayo awali" alisema "yalitarajiwa", akasimama, akarudia. Kwenye karatasi aliisoma aya hiyo hiyo bila shida. Tutarekodi upya wiki ijayo, kwa hiyo naomba ushauri wa mstari uwe na maneno mangapi, na fonti ipi inafaa.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Afisa, jibu ni fupi. Mstari mmoja usizidi maneno manne. Macho yanatembea kwa sababu mistari ni mirefu. Ukiipunguza maneno, macho yatatulia. Na kama mkuu wako anakunja uso, ongeza ukubwa wa herufi, maana umri una yake. Herufi kubwa tupu zibaki kama zilivyo, kwa kuwa ndizo zinazoonekana kwa mbali, hata baadhi ya mabango ya barabarani huandikwa hivyo.

Karani wa Baraza

Kwa uzoefu wangu wa kuandaa hotuba za madiwani, karatasi isibanwe kwa pini, kwa sababu msomaji akigeuza ukurasa kelele inaingia kwenye kipaza sauti. Chapisha upande mmoja tu, usiache sentensi ikaanzia ukurasa mmoja na kuishia mwingine, na theluthi ya chini ya karatasi iachwe tupu ili msomaji asilazimike kuinamisha kichwa. Ukifuata hayo hutapata shida.

Afisa Habari wa Moro

Ndugu Karani, nashukuru, ila swali langu linahusu maandishi yanayopita kwenye kioo cha kamera. Mwalimu, mistari yangu ilikuwa tayari na maneno mawili au matatu tu, na bado macho yalitembea. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa.

Fundi Kioo

Ndugu Afisa, nimeendesha prompta Dar es Salaam kwa miaka 14, na kosa lako nimeliona mara nyingi kwa watu wanaotoka kwenye karatasi. Mwalimu amesema jambo la kweli kwa nusu. Mstari mfupi ndio unaotuliza macho, lakini ufupi huo hauhesabiwi kwa maneno. Hupimwa kwa sentimita za kioo ukilinganisha na umbali wa msomaji. Mkuu wako alikuwa mita 1.2 kutoka kwenye maandishi yenye upana wa sentimita 30, kwa hiyo macho yake yalizunguka kama nyuzi 14 kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Mtazamaji anauona mzunguko huo hata kama mstari una neno moja tu lililotandazwa. Ukikuza herufi mpaka zijaze skrini unapunguza maneno, lakini safari ya macho inabaki ile ile.

Fanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, sogeza kamera na prompta yake nyuma na kuza picha kwa lenzi. Pili, ongeza pambizo za kushoto na kulia ndani ya programu ili maandishi yakae katikati ya skrini. Tuseme umepata mita 2.2 na umebana maandishi yawe na upana wa sentimita 22. Mzunguko wa macho unashuka hadi karibu nyuzi 6, chini ya nusu ya ulivyokuwa.

Sasa swali linakuwa ni herufi ngapi zinaingia kwenye sentimita hizo 22 bila kuwa ndogo mno. Kanuni ninayoitumia kwa wasomaji waliovuka miaka 50 ni kwamba herufi ndogo kama "a" au "m" iwe na kimo cha milimita 4 kwa kila mita ya umbali. Kwa mita 2.2 hiyo ni karibu milimita 9. Usihangaike na pointi, maana pointi za programu hazikwambii chochote mpaka ujue ukubwa wa skrini. Chukua rula, iweke juu ya skrini yenyewe, upime. Kwa Arial ya kimo hicho, sentimita 22 zinabeba herufi kama 26 pamoja na nafasi. Kwa Kiswahili hayo ni maneno matatu au manne, na mara nyingine mawili, kwa sababu maneno yetu ni marefu. "Wanafunzi waliochaguliwa" peke yake ni herufi 24. Ndiyo maana kanuni za idadi ya maneno zilizotungwa kwa Kiingereza hazitusaidii.

Kuhusu herufi kubwa tupu, ninamheshimu Mwalimu lakini hapa sikubaliani naye. Mazoea hayo ni ya zamani katika vyumba vya habari, ambako mashine za teleprinta zilizoleta habari za mashirika zilitoa herufi za aina moja tu. Herufi kubwa zinakula upana takriban theluthi moja zaidi, kwa hiyo nafasi inayobeba herufi 26 itabeba 19 au 20, na neno kama "yatakayowezesha" litakula peke yake kama robo tatu ya mstari. Tena maneno yote yanakuwa na umbo la tofali. Katika herufi ndogo, vijiti vya k na b vinalisaidia jicho kuitofautisha "kwamba" na maneno mengine. Bango la barabarani lina maneno mawili. Hotuba ya dakika sita ina mamia.

Jambo la mwisho ni kukunja uso. Je, mkuu wako alivaa miwani gani siku hiyo?

Afisa Habari wa Moro

Alivaa miwani yake ya kusomea, ile anayoitumia ofisini.

Fundi Kioo

Basi hilo ndilo jibu. Miwani ya kusomea imetengenezwa kwa umbali wa kitabu, nusu mita hivi. Ukiitazama prompta kwa miwani hiyo, kila kitu kinakuwa na ukungu, na kukuza herufi hakuondoi ukungu wenyewe. Kwenye karatasi ilimfaa kwa sababu karatasi ilikuwa mkononi. Mwambie avue, au avae ya kuonea mbali kama anayo, kisha msome pamoja majaribio kabla hujagusa ukubwa wa herufi.

Kijana wa Video

Wakubwa, naomba kuingiza langu. Mimi niko Mwanza, ninarekodi masomo ya hesabu kwa simu, na nimejitengenezea prompta ya kishikwambi na kipande cha kioo cha dirisha nilichokilaza kwa nyuzi 45. Nimeweka maandishi meupe juu ya nyeusi kama inavyoshauriwa, lakini kila herufi ina kivuli chake pembeni, kama imeandikwa mara mbili. Nimejaribu fonti zaidi ya kumi. Ipi haina kivuli?

Fundi Kioo

Hakuna, kijana wangu, kwa sababu kivuli hakitoki kwenye fonti. Kioo cha dirisha kina nyuso mbili, na kila uso unarudisha taswira yake. Kioo kikiwa kinene zaidi, taswira hizo zinaachana zaidi. Kioo cha prompta kimepakwa utando unaoakisi upande mmoja, na upande huo ndio unaoelekea kwa msomaji na skrini. Upande wa pili hupakwa utando wa kuzuia uakisi. Kwa kioo ulicho nacho, chagua chembamba zaidi utakachopata na utumie herufi nene kiasi, kwa kuwa herufi za mistari myembamba ndizo zinazomezwa kwanza na kivuli. Rangi nyeupe juu ya nyeusi umeipatia. Ukurasa mweupe kama wa karatasi ungeakisiwa wote kwenye kioo, ukamwangazia msomaji usoni kutoka mbele na kung'aa kwenye miwani yake.

Msomaji wa Jioni

Hamjambo nyote. Mimi ni msomaji habari hapa Mombasa, na ningependa kurudi kwenye ile aya, kwa sababu naona mmeshughulikia kioo na miwani lakini "yalitarajiwa" bado haijajibiwa. Fonti ikiwa bora kupindukia, kosa lile litarudi.

Tazameni kilichompata mkuu wa chuo. Katika karatasi, aya nzima iko mbele ya macho, na msomaji mzoefu hurusha jicho nyuma akaona kwamba kinachozungumziwa ni mitambo. Kwenye prompta, mstari ukishasomwa unapanda juu na kupotea. Alipofika "ambayo", neno "mitambo" lilikuwa limeondoka zamani, na jina lililobaki kwenye skrini lilikuwa "mapato". "Ambayo" inafaa kwa mitambo na inafaa vilevile kwa mapato, kwa hiyo ulimi wake ukafuata kile alichokiona: mapato yalitarajiwa. Kisarufi alikuwa sahihi kwa maandishi yaliyokuwa mbele yake. Lugha yetu inabeba alama ya mtenda ndani ya kitenzi, na msomaji asiyeliona jina hawezi kujua kiambishi kinachokuja ni "i" au "ya" mpaka akifikie, na akikifikia ameshachelewa.

Kwa hiyo mimi nikiandaa taarifa ya prompta huvunja kila sentensi ambayo mtenda na kitenzi chake kikuu vimetenganishwa kwa zaidi ya mistari miwili. Jina linarudiwa hata kama karatasini lingeonekana la kuchosha. Msikilizaji hachoki kusikia "mitambo hiyo". Yeye naye hana ukurasa wa kurudi nyuma.

Pia tarakimu zile ziandikwe kwa maneno. Mtu akiona 148,500,000 inambidi ahesabu sifuri huku mistari inapanda. Na saa muiandike kama inavyotamkwa. Siku moja niliwekewa "saa 9:00" na mwandishi aliyekusudia saa tatu asubuhi, nikaisoma saa tisa hewani, na mkutano wa watu ukapotoshwa kwa saa sita nzima.

Afisa Habari wa Moro

Dada Msomaji, umenifungua macho. Nilidhani amekosa umakini, na nilimwambia hivyo. Itabidi nimwombe radhi. Nimeiandika upya aya yote, mistari isiyozidi herufi 26, ikiwa imeanzia kushoto bila kunyooshwa upande wa kulia:

Mitambo ya maabara
imefungwa.
Itaanza kutumika
Jumatatu, saa mbili
na nusu asubuhi.

Mitambo hiyo tumeinunua
kwa shilingi milioni
mia moja arobaini na nane
na laki tano,
kutoka mapato ya ndani
ya chuo.

Tulitarajia ifike
tarehe tatu Februari,
kabla wanafunzi
wa mwaka wa kwanza
hawajaripoti.

Naomba mnikosoe.

Msomaji wa Jioni

Imekuwa aya nyingine kabisa, na habari yenyewe imetangulia mbele. Mahali pamoja tu pananitia wasiwasi: "saa mbili" umeiacha mwisho wa mstari. Msomaji atashusha sauti hapo akidhani saa imekamilika, kisha akutane na "na nusu". Weka "Jumatatu," peke yake, na mstari unaofuata uwe "saa mbili na nusu asubuhi." Nimeuhesabu, ni herufi 26 kamili.

Vilevile mimi ningeandika "mia moja arobaini" kwenye mstari mmoja kisha "na nane na laki tano" kwenye mwingine, au bora zaidi ningeiacha "na" ining'inie mwisho wa mstari. "Na" ikiwa mwisho inaniambia kwamba kuna kitu bado, nisishushe pumzi.

Fundi Kioo

Kuhusu saa nakubali. Kuhusu "na" nimekuwa nikibishana na wasomaji tangu nianze kazi. Kwa maoni yangu "na", "ya", "wa" na "cha" ziende na neno linalozifuata, kwa sababu ndivyo zinavyotamkwa. Hakuna anayesema "mapato ya" akanyamaza kisha akasema "ndani". Ukiziacha mwishoni, msomaji asiyezoea hupumua baada yake, na hotuba inasikika kama inakwama. Wewe una uzoefu wa kila jioni, Dada, mkuu wa chuo hana.

Msomaji wa Jioni

Kwa "ya" na "wa" nakubaliana nawe. Kwa "na" ya kuhesabia bado nashikilia langu. Jaribuni zote mbili naye, msikie.

Mwalimu Mstaafu

Nimefuatilia kwa makini, na kuhusu herufi kubwa nimeelewa hoja. Lakini nina swali kuhusu Arial. Niliwahi kufundisha watoto kusoma, na neno "Ilala" kwa fonti hiyo liliwasumbua, kwa sababu I kubwa na l ndogo ni kijiti kile kile. Je, mtu mzima hasumbuki?

Fundi Kioo

Anasumbuka, Mwalimu, na si kwa Ilala tu. Sentensi zetu nyingi zinaanza na I: "Ilibidi", "Ilionekana", "Ilipofika". Verdana inatatua hilo kwa sababu I yake kubwa ina vikofia juu na chini. Gharama yake ni upana: kwa ukubwa ule ule wa fonti, nafasi inayobeba herufi 26 za Arial itabeba 22 au 23 za Verdana, kwa hiyo mistari yote inabidi ipangwe upya. Kwa hotuba yenye majina mengi ya mahali nachagua Verdana. Kwa taarifa ya kawaida nabaki na Arial, na kitenzi cha kutatanisha nakipeleka katikati ya sentensi, ambako I yake inakuwa ndogo.

Hapo kuna onyo moja, Ndugu Afisa. Usigonge "Enter" mwisho wa kila mstari mpaka fonti na ukubwa vimeshaamuliwa kwenye skrini ile ile mtakayotumia. Mkisha kuikata mistari kwa mkono, mtu akiongeza ukubwa kidogo tu siku ya kurekodi, kila mstari uliojaa unamwaga neno lake la mwisho chini, na unapata mstari mrefu, neno moja, mstari mrefu, neno moja, mpaka mwisho wa hotuba. Hifadhi nakala isiyokatwa pembeni. Nakala hiyo hiyo ndiyo utakayoichapisha kwa utaratibu wa Ndugu Karani na kuiweka mezani, kwa sababu umeme ukikatika hotuba inaendelea kwa karatasi.

Karani wa Baraza

Nafurahi karatasi imepata nafasi. Namba za kurasa zisisahaulike.

Afisa Habari wa Moro

Wakuu, tumerekodi leo asubuhi. Chumba kilituruhusu mita 2.1 baada ya kuhamisha kabati. Mkuu alivua miwani na akasema mwenyewe kwamba herufi ni kubwa kupita anavyohitaji, lakini sikuzigusa, kwa sababu mistari ilikuwa imeshakatwa. Tulitumia Verdana, upana sentimita 22, herufi zisizozidi 22 kwa mstari, kwa hiyo "saa mbili na nusu" ilibidi itengane na "asubuhi", na haikudhuru kitu. Alama ya kusomea, ile inayoonyesha mstari wa kusomwa, tuliiweka usawa wa lenzi, na kijana aliyeendesha prompta aliagizwa amfuate mkuu, asimkimbize. Aya ya mitambo ilipita mara ya kwanza. Macho yanaonekana yametulia isipokuwa sehemu moja ambayo alisogea mbele kwenye kiti, na hapo mwendo wa macho ulirudi kidogo.

Kuhusu "na" tulijaribu zote mbili. Ilipoanzia mstari, alituliza kidogo kabla ya "na laki tano", ikasikika kama anaongeza fedha zilizosahaulika. Ilipoishia mstari, aliivuta: "naaa", kisha "laki tano". Mwishowe alisema "milioni mia moja arobaini na nane na nusu" kwa kichwa, bila kutazama, na tumeiacha hivyo.

Fundi Kioo

Hiyo "naaa" ndiyo niliyokuwa nikiisema.

Msomaji wa Jioni

Na ile fedha iliyosahaulika ndiyo niliyokuwa nikiisema mimi. Mwakani mkirekodi, mwekeeni "milioni mia moja" mstari mmoja, "arobaini na nane" mstari wa pili, "na laki tano" wa tatu, kila kipande kikiwa na pumzi yake, kisha mtuambie.